Tarehe Iliyo Chini ya Ripoti ya Mkaguzi

Msomaji wa ripoti ya mkaguzi wa hesabu hukimbilia aya ya maoni: kampuni imepata hati safi au haikupata? Wachache hushuka hadi chini kabisa, penye jina la mbia aliyesaini na tarehe. Tarehe hiyo haiwekwi kwa kuangalia kalenda ya ukutani. Inamwambia msomaji kwamba mkaguzi aliendelea kuyafuatilia mambo ya kampuni mpaka siku hiyo, na kwamba yaliyotokea kati ya kufungwa kwa mwaka na siku ya kusaini ameyazingatia. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi, vinavyotumika Tanzania na Kenya, vinakataza ripoti kubeba tarehe iliyotangulia siku ambayo mkaguzi amepata ushahidi wa kutosha na wakurugenzi wamekubali kuwa hesabu ni zao.

Kwa hiyo wiki za mwisho za ukaguzi zina kazi ya aina yake. Vijana wamerudi kutoka kwa mteja, bidhaa zimehesabiwa, benki zimeandikiwa. Kinachobaki ni orodha ya hoja ambazo hazijafungwa, fomu ndefu ya mapitio ya mwisho, na saini ya mbia. Kwa nje inaonekana kama makaratasi ya kumalizia. Tuangalie kampuni ya mfano tuone yanavyoweza kugeuka.

Ni kampuni ya Dar es Salaam inayouza vifaa vya ujenzi kwa jumla, na mwaka wake uliishia tarehe 31 Desemba 2024. Faida kabla ya kodi kwenye rasimu ya hesabu ni shilingi milioni 800. Wakaguzi walipanga tangu mwanzo kwamba makosa yakifika milioni 40, yaani asilimia 5 ya faida hiyo, yanaweza kumpotosha anayezitegemea hesabu. Bodi imepanga kukutana Ijumaa, tarehe 28 Machi 2025, hesabu zipitishwe na ripoti isainiwe siku hiyohiyo.

Wiki mbili kabla ya hapo orodha ilikuwa na hoja 31. Nyingi ni ndogo: mkataba wa pango usio na saini, jumla isiyolingana kwenye maelezo ya hesabu, muhtasari wa kikao cha bodi cha Februari ambao haujaletwa. Hizi hufungwa kwa haraka. Hatari imo kwenye zile zilizoandikiwa jibu lakini hazina ushahidi. Kijana anaandika, "Mhasibu ameeleza kuwa salio ni sahihi," kisha anaweka alama ya tiki. Meneja anayejua kazi yake huirudisha hoja hiyo papo hapo, kwa sababu aliyetoa maelezo ndiye anayekaguliwa. Kama benki haijajibu barua ya kuthibitisha salio, hoja iko wazi mpaka benki ijibu, au mpaka timu ipate ushahidi mwingine kutoka nje ya kampuni. Ukitaka kujua kama faili limefungwa kweli, usihesabu tiki. Chagua hoja tatu nzito ufuate kila moja mpaka kwenye karatasi iliyoifunga.

Katika orodha ile makosa mawili yalikuwa yamethibitika bila kusahihishwa. La kwanza ni ankara ya umeme ya Desemba, milioni 6, ambayo haikuingizwa. La pili ni vigae vya mtindo wa zamani vilivyokaa ghalani, ambavyo thamani yake ilipaswa kushushwa kwa milioni 17. Jumla ni milioni 23, chini ya kiwango cha milioni 40. Mkurugenzi wa fedha aliomba yaachwe, na watu wengi wangemwelewa. Kanuni inamtaka mkaguzi aombe yasahihishwe, na kampuni ikikataa aulize kwa nini. Vilevile anatakiwa atazame yanaelekea wapi. Yote mawili yalikuwa yanaongeza faida, na makosa yanayoelekea upande mmoja hayapaswi kupita kimyakimya hata yakiwa madogo.

Jumanne ya tarehe 25 Machi, siku tatu kabla ya kikao, kiongozi wa timu alikuwa anajaza sehemu ya fomu inayouliza ni nini kimetokea baada ya mwisho wa mwaka. Swali hili ndilo linalojibiwa kivivu kuliko yote. Jibu la "hakuna" huandikwa mtu akiwa amesimama. Yeye alisoma taarifa za benki za Januari mpaka Machi, akaangalia nani kati ya wadaiwa wa Desemba amelipa. Mkandarasi mmoja anayedaiwa milioni 52 hakuwa amelipa hata senti. Alipoulizia akajua kwamba mkandarasi huyo amewekwa chini ya mfilisi mwezi huohuo wa Machi, na wadai wasio na dhamana hawatarajiwi kupata kitu. Kampuni ilikuwa imetenga milioni 10 tu kwa deni hilo. Pengo ni milioni 42.

Mkurugenzi wa fedha alikuwa na hoja ya kueleweka: mfilisi ameingia Machi 2025, basi hasara ni ya mwaka 2025. Mbia alimjibu kwa kumfungulia daftari la mdaiwa mwenyewe. Malipo yalikuwa yamesimama tangu Septemba 2024, na barua mbili za kudai hazikujibiwa. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 10 kinatenganisha mambo mawili: tukio linalothibitisha hali iliyokuwapo tayari tarehe ya kufunga mwaka, na tukio linaloanzisha hali mpya. Ghala likiungua Machi, hilo ni jipya. Litaelezwa tu, tarakimu za Desemba hazitaguswa. Mteja aliyekwama tangu Septemba akafilisika Machi alikuwa hoi Desemba. Milioni 42 ziliingizwa.

Hapo wengi wangepumua na kwenda kusaini. Lakini fomu ilikuwa na swali jingine: je, baada ya marekebisho, masharti ya mikopo bado yametimizwa? Kampuni ina mkopo wa muda mrefu wa milioni 900, na benki imeweka sharti kwamba kila Desemba 31 mali za muda mfupi zisipungue mara 1.2 ya madeni ya muda mfupi. Kwenye rasimu ya kwanza mali hizo zilikuwa milioni 2,460 na madeni milioni 2,000, sawa na 1.23. Baada ya kuondoa milioni 42 uwiano ulishuka hadi takriban 1.21. Bado ndani ya sharti, kwa kubanana.

Sasa rudi kwenye yale makosa mawili madogo. Vigae vikishushwa, mali zinabaki milioni 2,401. Umeme ukiingizwa, madeni yanakuwa milioni 2,006. Uwiano ni 1.197. Milioni 23 zilizoonekana hazifiki popote ndizo zinazoivusha kampuni upande wa pili wa mstari. Ndiyo maana kiasi pekee hakitoshi kupimia kosa. Kosa dogo linaloficha kuvunjwa kwa sharti la mkopo ni zito. Mbia alikataa kusaini mpaka nayo yasahihishwe, na nadhani hapa ndipo mbia anapoupata mshahara wake. Shinikizo la wiki hiyo ni kubwa: ukumbi wa kikao umeandaliwa, mteja ni wa miaka mingi, na kanuni ya asilimia 5 ingempa pa kujifichia.

Sharti likiwa limevunjika tarehe 31 Desemba, na benki ikiwa haijatoa msamaha kabla ya tarehe hiyo, mkopo wote unahamia kwenye madeni ya muda mfupi. Madeni hayo yakaruka hadi milioni 2,906, dhidi ya mali za milioni 2,401. Likazuka swali la kama kampuni itaweza kuendelea na biashara iwapo benki itadai fedha zake mara moja. Kikao cha tarehe 28 kiliahirishwa.

Idi ikapita. Jumatatu ya tarehe 14 Aprili benki ilileta barua ya kusamehe kuvunjwa kwa sharti na kuahidi kutoudai mkopo kwa miezi 18. Barua hiyo haikuurudisha mkopo mahali pake, kwa kuwa ilichelewa kwa hesabu za Desemba. Ila ilikuwa ushahidi mzito kwamba biashara itaendelea, na maelezo kamili yakaandikwa kwenye hesabu. Faida sasa ilisomeka milioni 735.

Kusogea kwa tarehe kuna gharama yake. Kazi yote ya kutazama yaliyotokea baada ya mwaka ilikuwa imeishia mwishoni mwa Machi, kwa hiyo timu ilirudi kusoma taarifa za benki na mihtasari ya bodi za wiki zilizoongezeka. Barua ya uthibitisho ya menejimenti, ambayo wakurugenzi wanakiri humo kwamba wametoa taarifa zote, ilikuwa imechapwa kwa tarehe ya Machi. Ikachapwa upya. Barua hiyo haitakiwi kuwa na tarehe inayofuata ile ya ripoti, wala isiitangulie kwa mbali, maana siku za katikati zingekosa mtu wa kuzisemea.

Kabla ya kusaini, mbia hasomi kila karatasi. Anasoma maeneo yenye uamuzi mgumu: deni la mkandarasi, vigae, mkopo, barua ya benki. Anazisoma hesabu zenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha anaandika jina na tarehe kuonyesha alipitia lini. Kama kampuni ingekuwa imeorodheshwa kwenye soko la hisa, mbia mwingine asiyehusika na kazi hiyo angelazimika kupitia maamuzi hayo na kumaliza kabla ripoti haijawekewa tarehe. Bodi ilikutana Alhamisi, tarehe 17 Aprili, ikazipitisha hesabu. Ripoti ilisainiwa alasiri hiyo.

Kuanzia hapo timu ina siku ambazo kwa kawaida hazizidi 60, yaani mpaka tarehe 16 Juni, za kulipanga faili. Wanaruhusiwa kuondoa rasimu za zamani na kuweka marejeo kati ya karatasi. Ushahidi ambao haukuwapo tarehe 17 hauingizwi kana kwamba ulikuwapo. Jambo hili si la nadharia: Juni 2019 kampuni ya KPMG ya Marekani ilikubali kulipa faini ya dola milioni 50 kwa makosa ambayo mojawapo ni kubadilisha karatasi za kaguzi zilizokwisha, baada ya kupata kwa njia haramu habari za kaguzi zipi wasimamizi wangezipekua.

Na likijitokeza jambo zito Mei, kwa mfano mdaiwa mwingine aliyekuwa amekwama tangu mwaka jana? Mkaguzi hana tena wajibu wa kutafuta baada ya kusaini. Lakini akishajua, hawezi kunyamaza: atazungumza na wakurugenzi, na hesabu zikirekebishwa atafanya kazi mpya juu ya rekebisho hilo na kutoa ripoti yenye tarehe mpya, au ripoti itakayobeba tarehe mbili, ya pili ikihusu rekebisho hilo peke yake.