Diodi Moja au Nne: Kuchora Wimbi na Kupata Wastani

Chukua transfoma inayotoa volti 12 za umeme geu, mizunguko 50 kwa sekunde. Hizo 12 si kilele cha wimbi. Ili kukipata, zidisha kwa 1.414, upate karibu volti 17.

Ukiweka diodi moja, hupitisha nusu ya juu ya wimbi na kuizuia ya chini. Diodi ya silikoni hula takribani volti 0.7, hivyo kilele kinabaki 16.3. Chora kilima kimoja, kisha mstari bapa kwenye sifuri wenye upana uleule, halafu kilima kingine. Wastani ni kilele kugawanya kwa π: 16.3 ÷ 3.14, yaani karibu volti 5.2.

Diodi nne zikifungwa kwa mtindo wa daraja, nusu ya chini hugeuzwa ikawa juu. Sasa vilima vinafuatana bila pengo, 100 kwa sekunde. Mkondo hupita diodi mbili kila mara, kwa hiyo kilele hushuka hadi 15.6. Wastani ni 2 × 15.6 ÷ 3.14, karibu volti 9.9.

Hesabu hii hufichua ubovu. Kabla ya kuweka kapasita, unganisha mzigo, kisha pima kwa mita iliyowekwa kwenye volti za mkondo mnyoofu. Daraja likisoma karibu 5 badala ya 10, huenda diodi moja imekatika, na nusu ya vilima imepotea.