Picha ya CV na kile mwajiri anachokiona kabla ya kusoma

CV nyingi zinazotumwa kwa mtu ili azikague huja kwa picha, si kwa faili. Sababu yake inajulikana na wengi waliotafuta kazi Tanzania: kazi ya kuchapa ilifanyika steshenari, faili likabaki kwenye kompyuta ya pale, na mwenye CV akaondoka na karatasi mkononi. Akitaka mtu amtazamie, anazitandika mezani, anazipiga picha na kuzituma WhatsApp.

Picha ya namna hiyo ina kasoro zake, lakini kuna jambo moja inalolionyesha vizuri. Ukiifungua simuni bila kuikuza, maneno hayasomeki. Unabaki na umbo la ukurasa tu: palipojaa wino, palipo weupe, na mahali jicho linapotua kwanza. Mwajiri mwenye rundo la maombi huanza hivyohivyo. Mwaka 2018 kampuni ya Ladders ya Marekani ilifuatilia macho ya watu wanaochambua maombi ya kazi, ikakuta mtazamo wa kwanza unachukua wastani wa sekunde 7.4. Kwa muda huo hakuna asomaye ukurasa mzima. Mtu anatafuta jina, kazi ya karibuni na elimu, basi.

Tuchukue CV ya binti mwenye stashahada ya uhasibu anayeomba nafasi ya mhasibu msaidizi. “Shikamoo dada, naomba unitazamie kabla sijaituma,” aliandika, na picha tatu zikafuata. CV yenyewe ni ya Kiingereza, kama zilivyo nyingi za kazi za ofisini. Maneno yake nayaweka hapa kwa Kiswahili.

Kabla ya kumkosoa mwenye CV, lazima utenge makosa ya kamera. Picha ya kwanza ilionyesha pambizo la kulia likizidi kuwa jembamba kadiri unavyoshuka. Hapo usitazame maandishi peke yake, yalinganishe na ukingo wa karatasi. Ukingo nao ukiwa umepinda vilevile, simu ilishikwa mshazari na CV haina kosa. Ukingo ukiwa umenyooka na maandishi yamepinda, tatizo liko kwenye karatasi. Hapa ilikuwa simu. Lakini miaka iliyopangwa upande wa kulia haikukaa kwenye mstari mmoja: 2019 ilisogea kushoto kidogo, 2021 ikaenda kulia. Hiyo kamera haiwezi kuifanya. Ni dalili kwamba mchapaji alisogeza maneno kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara nyingi badala ya kutumia kitufe cha Tab, na faili kama hilo likifunguliwa kwenye kompyuta yenye fonti tofauti, miaka itatawanyika zaidi.

Sasa umbo. Theluthi ya juu ya ukurasa wa kwanza ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote, na kwa binti huyu ilikuwa imekaliwa na maneno “WASIFU BINAFSI” kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari, kisha jedwali la mistari 11: jinsia, hali ya ndoa, dini, mahali alipozaliwa na mengineyo. Jina lake lilikuwa ndani ya jedwali, kwa ukubwa uleule wa neno “dini”. Chini ya hapo elimu ilianzia shule ya msingi, na stashahada ikaja mwisho. Kazi aliyofanya kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambayo ndiyo sababu ya mtu kumwita kwenye usaili, ilikuwa nusu ya chini ya ukurasa wa pili. Mwenye sekunde saba hafiki huko.

Dawa yake haina ufundi mkubwa. Jina linapanda juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote. Chini yake mstari mmoja: mhasibu msaidizi, stashahada ya uhasibu. Kisha simu, barua pepe na mji. Baada ya hapo uzoefu wa kazi, halafu elimu ikianzia ya karibuni. Dini na hali ya ndoa zinaondoka. Tarehe ya kuzaliwa na uraia naviacha akiwa anaomba serikalini, kwa sababu matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida hutaka raia wa Tanzania asiyezidi miaka 45.

Urefu una mtego wake kwenye picha, maana huwezi kujua ukubwa wa herufi kwa macho tu. Hesabu mistari. Karatasi ya A4 yenye pambizo za sentimita 2.5 na herufi za ukubwa wa 11, bila nafasi za ziada, inabeba mistari 50 hivi. Ukihesabu 65 kwenye ukurasa mmoja, herufi zimebanwa na msomaji ataumia macho. CV hii ilikuwa kinyume: ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari 38, na wa tatu ulibeba wadhamini na tamko lenye sahihi tu. Kwa hiyo haikuwa ndefu kwa wingi wa habari. Ilikuwa imetanuka. Jedwali la juu likipungua hadi mistari mitatu, na wadhamini watatu wakipangwa sambamba badala ya kufuatana, kurasa tatu zinakuwa mbili bila kupoteza chochote. Wadhamini wenyewe singewaondoa, kwani matangazo ya serikali huwataka watatu. Ndiyo maana ushauri wa CV ya ukurasa mmoja, unaorudiwa kila mahali, siupendi kwa mtu anayeomba huku na huku.

Baada ya umbo ndipo unapoikuza picha na kusoma. Chini ya kazi ya dukani aliandika: “Kushughulikia masuala yote ya kifedha.” Maneno hayo yanaweza kuandikwa na keshia wa wiki mbili au na mkuu wa fedha. Nilimuuliza alikuwa akifanya nini hasa tangu asubuhi. Alikuwa akikata risiti za EFD, akilinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi, na kuandaa ritani ya VAT iwahi TRA kabla ya tarehe 20. Hayo ndiyo ya kuandika, kila kazi kwa mstari wake. Mhasibu mkuu akiyaona anajua papo hapo kwamba mtu huyu hataanza kufundishwa upya.

Kosa jingine lilikuwa “2021–2022”. Hiyo inaweza kuwa miezi miwili, Desemba hadi Januari, au miaka miwili kamili. Mwajiri mwenye shaka hukadiria kidogo. Binti alikuwa amefanya kazi miezi 19, na CV yake ilikuwa ikimnyima hiyo haki. Aandike mwezi na mwaka.

Kuna ambayo picha haiwezi kukwambia: kama faili litafunguka sawasawa, na kama barua pepe imeandikwa bila kosa pale picha ilipofifia. Namba za simu zisome moja moja pamoja na mwenyewe. Picha zake pia zilionyesha namba ya NIDA na simu za wadhamini. Nilimwomba afunike sehemu hizo kwa kipande cha karatasi kabla ya kumtumia mtu mwingine yeyote, kwani mkaguzi hazihitaji.

Kisha arudi steshenari, faili litumwe kwenye barua pepe yake mwenyewe, marekebisho yafanyike humo, na mwajiri apelekewe PDF yenye jina lake na nafasi anayoomba. Picha zibaki za ukaguzi.