Dagaa wa Kigoma: mnunuzi wa mbali huuliza mchanga kabla ya bei

Dagaa wa Ziwa Tanganyika wana jina kubwa katika masoko ya Dar es Salaam, na kwa kawaida bei yao huwa juu kuliko ya dagaa wa Ziwa Victoria. Hata hivyo, mnunuzi aliye mbali husita kutuma fedha kwa mzigo asiouona. Hofu zake ni tatu: mchanga, unyevu na kipimo. Mfanyabiashara mdogo wa Kibirizi, Katonga au Ujiji anaweza kuzijibu zote kwa video ya simu isiyozidi sekunde 30.

Hofu ya mchanga ina msingi. Dagaa wengi huanikwa chini ufukweni, na wale wa kwenye vichanja vya wavu ndio hutoka safi. Muuzaji akisema tu kwamba dagaa wake ni wa kichanja, hana tofauti na wengine. Afadhali aonyeshe.

Tuchukue mfano wa mwenye gunia moja la kilo 30. Kwanza anafungua gunia mbele ya kamera na kuchota konzi moja kutoka katikati, si juu. Anaikung'uta juu ya sahani nyeupe, kisha anaisogeza simu karibu: mchanga ukiwepo utaonekana. Pili anavunja dagaa watatu karibu na simu. Mkavu hukatika kwa mlio, mbichi hupinda. Tatu anaonyesha mizani ikisoma sifuri, halafu gunia likipandishwa. Unyevu na kipimo huenda pamoja, kwani gunia lililopimwa likiwa na unyevu hupungua uzito njiani, na hapo ndipo ugomvi huanza.

Video hurekodiwa mfululizo bila kukatwa, kwa sababu mkato humtia mnunuzi shaka kwamba gunia limebadilishwa. Asubuhi ndiyo saa nzuri. Jua la mchana hung'arisha magamba mpaka rangi isijulikane. Muuzaji hutaja tarehe na mahali kwa sauti yake.

Kosa kubwa ni kutumia video ya mzigo uliokwisha kuuzwa. Dagaa hubadilika: siku za mbaramwezi taa za wavuvi hazivuti samaki vizuri na mzigo huadimika, na masika huchelewesha ukaushaji. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Aliyeonyesha video ya zamani wakati kama huo alijiumbua mwenyewe.

Video iliyowekwa kwenye Status ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, hivyo nakala halisi ibaki simuni kama ushahidi. Lakini video haionyeshi harufu wala ladha. Kwa mteja mpya, kilo moja ya sampuli itangulie kwa basi, kisha gunia lifuate.