Mnunuzi wa Kadi: Namna ya Kuandaa Igizo la Kuwafunza Maofisa Mauzo Wapya

Kampuni nyingi zinazosambaza bidhaa madukani huwafundisha maofisa mauzo wapya kwa njia ya igizo. Mmoja anakuwa muuzaji, mwenzake anakuwa mwenye duka, wengine wanatazama. Mara nyingi zoezi hilo halifundishi kitu, na chanzo ni yule anayeigiza mnunuzi. Hakupewa maelezo yoyote, kwa hiyo anabuni papo hapo. Akimpenda mwenzake, ananunua baada ya dakika mbili. Akitaka kuwachekesha watazamaji, anakataa kila kitu hadi muda unakwisha. Muuzaji anatoka pale amejifunza tabia za mwenzake, na bado hajui chochote kuhusu mwenye duka wa Mbagala au Manzese.

Dawa ya tatizo hili ilipatikana kwanza katika mafunzo ya udaktari. Mwaka 1963, daktari wa mishipa ya fahamu Howard Barrows wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, Marekani, alianza kumfundisha mtu mzima wa afya kuigiza mgonjwa mbele ya wanafunzi. Mwigizaji huyo alikuwa na historia moja ya ugonjwa na dalili zilezile, na alijibu vilevile kwa kila mwanafunzi. Kwa kuwa mgonjwa hakubadilika, tofauti iliyoonekana kati ya mwanafunzi na mwanafunzi ilitokana na kazi yao wenyewe. Mafunzo ya mauzo yanahitaji kitu hichohicho: mnunuzi ambaye majibu yake yameandikwa kabla zoezi halijaanza.

Tuchukue mfano wa msambazaji wa sabuni za mche jijini Dar es Salaam, anayetaka kuwafunza maofisa wapya kabla hawajakabidhiwa maeneo yao. Kazi ya kwanza inafanyika mtaani. Mwandaaji wa zoezi anaongozana na ofisa mzoefu katika mzunguko wake, anakaa kando ya kaunta, na kuandika maneno ya wenye maduka kama yalivyotamkwa: "Nina mzigo bado." "Ile nyingine bei poa." "Bosi hayupo." "Niachie mali kauli, nitakulipa ukirudi." Anaandika pia kilichotokea kati ya maneno hayo: wateja waliokatiza mazungumzo, simu iliyoita, mtoto aliyetumwa sukari robo. Mambo haya ndiyo yanayoingia kwenye kadi.

Kadi ya mnunuzi inaenea ukurasa mmoja, na ina mambo manne. Kwanza, hali ya duka na hesabu zake. Pili, neno la kufungulia mazungumzo. Tatu, siri, yaani jambo analolijua mnunuzi ambalo hatalisema bila kuulizwa. Nne, masharti: aulizwe nini ndipo aitoe siri, na afanyiwe nini ndipo akubali kununua. Muuzaji haioni kadi. Anaambiwa tu jina la mtaa, aina ya duka na bei za bidhaa zake.

Mnunuzi wetu wa kwanza ni mangi wa duka la kona. Katoni ya sabuni yetu ina miche 20 na inauzwa shilingi 16,000, yaani mche mmoja 800. Yeye anauza mche 1,000, hivyo faida ya katoni ni shilingi 4,000. Sabuni ya mshindani anainunua 15,000 kwa katoni ya miche 20, anauza bei ileile, na kupata faida ya 5,000. Neno lake la kwanza ni hili: "Hii yenu ghali, mimi nachukua ile nyingine." Siri zake ni mbili. Katoni ya mshindani inamchukua wiki mbili kuisha, wakati katoni yetu, alipokuwa nayo, iliisha ndani ya wiki moja. Tena aliacha kuichukua kwa sababu miche mitatu ilifika imelowa, ofisa aliyempelekea akaahidi kuibadilisha, na hakurudi tena.

Masharti ya mangi yameandikwa kwa ukamilifu. Akiulizwa katoni iliyopo shelfu ilifunguliwa lini, anasema ukweli. Akiulizwa kwa nini aliacha sabuni yetu, na muuzaji akanyamaza kusubiri jibu, anaeleza habari ya miche iliyolowa. Akiulizwa swali la ndiyo au hapana, kama vile "Hukuipenda sabuni yetu?", anajibu tu, "Ilikuwa sawa," na siri inabaki kwake. Akipunguziwa bei mapema, anaomba apunguziwe tena. Atanunua katoni moja kwa pesa taslimu endapo mambo mawili yametimia: lalamiko lake limepokewa na kupewa siku ya kushughulikiwa, na hesabu ya faida imefanywa kwa namba zake mwenyewe. Likitimia moja tu, anasema, "Pita wiki ijayo." Siku hiyo ana shilingi 40,000 za kununulia mzigo wote wa duka, kwa hiyo akiombwa achukue katoni tano anakataa, hata kama muuzaji amesema vizuri kiasi gani.

Igizo lenyewe likienda vizuri, husikika hivi:

"Habari za kazi, mangi?"

"Salama. Karibu."

"Ahsante. Naona sabuni ile ya bluu bado ipo nusu katoni. Uliifungua lini?"

"Tangu wiki iliyopita, Jumatatu."

"Na ya kwetu uliwahi kuwa nayo?"

"Niliwahi. Iliisha haraka, wiki tu."

"Sasa nini kilifanya uache?"

Hapa muuzaji ananyamaza. Mangi anampa mteja chumvi, anarudisha chenji, kisha anasema, "Mwenzako aliniletea miche imelowa, akasema atabadilisha. Sijamwona tena."

Muuzaji hodari halikimbilii jibu la "siyo mimi". Anauliza ilikuwa miche mingapi, anaiandika, na kusema ataipeleka kwa msimamizi leo na kumpa mangi jibu Ijumaa. Ndipo anaingia kwenye hesabu: kwa wiki mbili, katoni moja ya mshindani inampa mangi 5,000, katoni mbili za kwetu, moja kila wiki, zingempa 8,000. Namba hizo zimetoka kinywani mwa mangi mwenyewe, na ndiyo maana anazikubali.

Mnunuzi mmoja hatoshi, kwa kuwa si kila ziara nzuri huishia kwenye oda. Kadi ya pili ni ya kijana anayeuza duka la mtu mwingine. Hana mamlaka ya kununua, na atampa namba ya simu ya tajiri wake muuzaji anayemheshimu na kumweleza bei bila kumsukuma. Kadi ya tatu ni ya mama anayeomba mali kauli wakati bado ana deni la mzigo uliopita, na kanuni ya kampuni ni kwamba deni la zamani lilipwe kwanza. Ni mteja wa siku nyingi, ana maneno ya upole, anamwita muuzaji "mwanangu". Ziara iliyofanikiwa kwake ni ile ambayo muuzaji anaondoka na sehemu ya deni na ahadi ya tarehe, bila kuacha mzigo. Kampuni inayowapa wanafunzi wake kadi za kuuza tu inawazoesha kugawa mali ambayo haitalipwa.

Baada ya kadi huja karatasi ya alama. Makosa ya karatasi nyingi yako kwenye maneno yake: "kujiamini", "mawasiliano mazuri", "ushawishi". Wasimamizi wawili wakitazama igizo moja, mmoja atatoa nne na mwingine mbili, na hakuna atakayeweza kumwonyesha mwenzake alichokiona. Karatasi bora huandika matendo yanayoonekana na kusikika. Wanasaikolojia Patricia Cain Smith na Lorne Kendall walieleza njia hiyo mwaka 1963: kila ngazi ya alama ifungwe kwenye mfano wa tendo halisi.

Karatasi ya mangi inatokana moja kwa moja na kadi yake, nayo ina mistari sita: salamu na kutazama shelfu, maswali, kupokea lalamiko, hesabu, kuomba oda, na kufunga makubaliano. Kila mstari una alama 0, 1 au 2. Kwenye lalamiko, 0 ni kutolifikia kabisa, au kulifikia na kujitetea. Alama 1 ni kusikiliza na kuomba radhi bila kusema hatua itakayofuata. Alama 2 ni kuandika idadi ya miche na kutaja siku ya kurudisha jibu. Kwenye kuomba oda, 0 ni kuondoka bila kuomba, 1 ni kuuliza "Basi nikuletee?", na 2 ni kutaja kiasi kinacholingana na mtaji wa siku hiyo, yaani katoni moja, na malipo yake.

Jumla ni 12. Kampuni inaweza kuweka 8 kuwa alama ya kufaulu, kwa sharti kwamba mstari wa lalamiko usiwe na sifuri. Kisha kuna jambo moja linalofuta alama zote: kuahidi kitu ambacho ofisa hana mamlaka nacho, kama kusema miche itabadilishwa kesho kabla msimamizi hajakubali. Ahadi ya namna hiyo ndiyo iliyomfukuza mangi mara ya kwanza.

Zoezi linafaa lifanywe kwa vikundi vya watu watatu: muuzaji, mnunuzi na mtazamaji mwenye karatasi. Igizo linachukua dakika nane. Mtazamaji anajaza karatasi kabla ya mtu yeyote kusema neno, kwa sababu maoni ya wa kwanza kusema huvuta alama za wengine. Baada ya hapo mnunuzi anaeleza ni swali gani lilimfungua na lipi lilimfunga. Mwisho, muuzaji anarudia sehemu iliyoharibika palepale. Akikosa hesabu, anarudia hesabu, bila kuanza tena na salamu.

Mnunuzi naye hufunzwa. Afanye igizo mara mbili na mkufunzi, mara moja na muuzaji mzuri na mara moja na muuzaji mbaya, ili aonekane kama anashika masharti. Anayeigiza tangu asubuhi huchoka na kuanza kutoa siri mapema. Ukiona wauzaji wa mchana wanapata alama nyingi kuliko wa asubuhi, mtazame mnunuzi kwanza. Watazamaji pia wapimwe: wawili wajaze karatasi kwa igizo moja bila kusemezana. Wakitofautiana mstari mmoja tena na tena, tatizo liko kwenye maneno ya mstari huo, na yanapaswa kuandikwa upya.

Igizo lina mipaka. Chumbani hakuna jua la saa nane wala pesa ya mtu inayotoka mfukoni. Unaweza kupunguza pengo hilo kwa kumweka mtu wa nne aingie kama mteja na kukatiza mazungumzo mara mbili, kama ilivyo kwenye kaunta yoyote. Kipimo kamili kiko mtaani. Msimamizi aende na ofisa mpya kwenye mzunguko akiwa na karatasi ileile ya alama. Ofisa aliyepata 11 chumbani na 5 mtaani huenda alizikariri kadi, au kadi zenyewe hazifanani tena na maduka. Bei zikipanda, mshindani mpya akiingia, au wenye maduka wakianza kutoa sababu nyingine za kukataa, kadi ziandikwe upya kwa maneno waliyoyasema wao.