Lengo la Tangazo Ndilo Huchagua Nani Ataliona

Tuseme unauza viatu vya shule pale Mowlem, wateja wanakulipa kwa tili, na umetenga shilingi 3,000 za kutangaza Facebook na Instagram kwa siku 6. Ukifungua Ads Manager, swali la kwanza ni lengo la kampeni: Awareness, Traffic, Engagement, Leads, App promotion au Sales. Usibonyeze tu la kwanza.

Hata ukichagua eneo dogo la Mowlem, Umoja na Dandora, watu wa humo ni wengi kuliko wale pesa yako inaweza kuwafikia. Kwa hiyo mfumo unachagua nani aonyeshwe, na unachagua kulingana na lengo.

Ukichukua Awareness, unatafuta watu wengi kwa bei nafuu, wanunue wasinunue. Hilo linafaa ukifungua duka jipya na unataka mtaa ujue upo. Traffic hutafuta wale wenye mazoea ya kubonyeza viungo. Shida ni kwamba mtu wa kubonyeza si lazima awe mtu wa kulipa. Sales hutafuta wanunuzi, lakini lazima mfumo uone mauzo ili ujifunze mnunuzi anafananaje. Kwenye tovuti, kazi hiyo hufanywa na Meta Pixel. Mteja akilipa kwa tili yako, pesa inaingia kwa simu na Facebook haijui chochote. Zaidi ya hayo, mfumo huhitaji kama matokeo 50 kwa wiki ndio utulie, na duka dogo mara nyingi halifiki hapo.

Kwa muuzaji kama huyu, tungeanza na Engagement, tukichagua watu watumwe WhatsApp. Hapo mfumo unatafuta wenye kawaida ya kuandikia biashara, na mazungumzo yakianza, unayaona.

Sasa piga hesabu. Faida yako kwa kila jozi ni shilingi 400. Tuseme Traffic imekuletea mibonyezo 300, lakini waliolipa ni 6. Kila mteja amekugharimu shilingi 500, kwa hivyo kila jozi imekupotezea 100. Tuseme Engagement imeleta jumbe 60 pekee, na 12 wakalipa. Kila mteja ni shilingi 250, na umebaki na 150 kwa kila jozi. Ukiangalia mibonyezo peke yake, ungesema kampeni ya kwanza ndiyo imeshinda.

Kwa hivyo muulize kila mteja alikuona wapi, kisha linganisha majibu na malipo ya tili ya siku hizo. Jumbe zikiwa nyingi na malipo hakuna, angalia kama umeandika bei na mahali duka lilipo. Ukitaka kubadilisha lengo, fungua kampeni mpya, kwa sababu ile iliyokwisha kuchapishwa haikubali lengo lingine.