Kahawa ya Shambani, ya Sokoni na ya Kikombeni

Ukiingia maktaba ukamuuliza mkutubi mzoefu vitabu vya kahawa viko wapi, huenda akakurudishia swali: kahawa ya shambani, ya sokoni au ya kikombeni? Hakuzungushi. Katika mfumo wa Dewey, unaotumiwa na maktaba nyingi za umma na za shule, kahawa haina rafu moja. Mibuni na utunzaji wake ni 633.73. Kahawa ikiwa chakula au kinywaji iko 641.3373. Uchumi wa zao hilo, bei na masoko yake, uko 338.17373. Kati ya rafu ya kwanza na ya mwisho unaweza kupita nusu ya ukumbi.

Sababu ni kwamba mfumo huu haupangi vitabu kwa kitu kinachozungumzwa tu. Huanza na fani: nani anakitazama kitu hicho, na kwa jicho gani? Bwana shamba anaiona kahawa kwenye 630, penye kilimo. Mpishi anaiona kwenye 641. Mchumi anaiona kwenye 330. Hivyo kitabu cha magonjwa ya mibuni hukaa karibu na vitabu vya chai, tumbaku na kakao, kwa kuwa ndani ya 633.7 tumbaku ni .71, chai .72, kahawa .73 na kakao .74. Mkulima wa Kagera aliyefuata kitabu kimoja huinua macho akakuta jirani zake wote, na pengine anachokihitaji hasa ni hicho cha jirani.

Lakini hebu tazama mikia ya zile namba tatu. Zote zinaishia na 373. Hilo si bahati. Kanuni za mfumo zinamwelekeza mkutubi achukue tarakimu za mwisho za namba ya zao shambani, azibandike nyuma ya 641.3 anapoandika habari za chakula, au nyuma ya 338.17 anapoandika habari za uchumi. Kwa hiyo ndugu waliotawanyika wamebaki na alama moja ya ukoo, na aliyeijua kwenye rafu moja ataitambua kwenye nyingine.

Melvil Dewey alikuwa na umri wa miaka ishirini na ushee, akifanya kazi katika maktaba ya Chuo cha Amherst, Massachusetts, alipobuni mpango huu mwaka 1873. Aliuchapisha mwaka 1876 katika kijitabu cha kurasa 44 ambacho ukurasa wake wa anwani haukuwa hata na jina lake. Kabla ya hapo, katika maktaba nyingi, namba ya kitabu ilikuwa namba ya mahali: chumba fulani, rafu fulani, nafasi ya ngapi. Rafu ikijaa, kitabu kipya cha mada ileile kilipelekwa popote penye nafasi, au kazi ya kuandika namba ilianzwa upya. Dewey aliifunga namba kwenye mada, akaiachia rafu. Vitabu vinaweza kusogezwa au hata kuhamishiwa jengo jingine, na bado vikabaki katika mfuatano uleule.

Nukta ndiyo iliyowezesha hayo. Baina ya 633.73 na 633.74 unaweza kuingiza 633.731, kisha 633.732, na hakuna jirani atakayeombwa abadilishe namba. Ila nukta hiyohiyo ndiyo inayowapoteza watu, kwa kuwa huisoma kama hesabu ya shilingi. Nenda rafu ya historia. Tanzania ni 967.8, Kenya 967.62. Msaidizi mgeni huona 8 ni ndogo kuliko 62, basi anaiweka Tanzania mbele ya Kenya. Amekosea: baada ya nukta husomwa tarakimu moja moja, na 6 hutangulia 8. Nami niliwahi kutafuta kitabu kwa karibu saa nzima katika maktaba moja. Katalogi ilisema kipo, rafu ikasema hakipo. Kilikuwa hatua chache tu upande wa kushoto, kimepangwa kwa hesabu ya shilingi. Kitabu kilichowekwa pasipo pake ni sawa na kilichoibiwa, mpaka siku mtu atakapopita akisoma migongo ya vitabu mmoja baada ya mwingine.

Zikisomwa sawasawa, namba hizo za 967 ni kama safari ya basi: Kongo 967.51, Rwanda 967.571, Burundi 967.572, Uganda 967.61, Kenya 967.62, Somalia 967.73, Tanzania 967.8, Zanzibar 967.81, kisha Msumbiji 967.9. Anayetembea mbele ya rafu anapita nchi jirani bila kuuliza.

Anayekaa mbele ya kompyuta naye ana faida yake, ingawa wengi hawaitumii. Ukiandika neno "kahawa" kwenye katalogi, utapata vitabu vyenye neno hilo tu. Cha Kiingereza au cha Kifaransa kuhusu mibuni ileile kitakupita, na hata cha Kiswahili chenye neno "mibuni" peke yake kitakupita. Tafuta kwa namba 633.73, na lugha zote zitajipanga pamoja. Ukitaka kupanua, kata tarakimu ya mwisho: katalogi nyingi zinakubali nyota mahali palipokatwa, na `633.7*` itakuletea pia chai, tumbaku na kakao. `896.392*` italeta fasihi yote ya Kiswahili, kuanzia ushairi wa 896.3921, tamthilia za 896.3922 hadi riwaya za 896.3923.

Usiuamini ukataji huo kila mahali. Ikate Kenya, 967.62, ibaki 967.6. Hapo ndipo huwekwa vitabu vya historia ya Afrika Mashariki kwa ujumla, pamoja na Uganda na Kenya. Tanzania haimo, iko kwenye .8, na anayetafuta kwa `967.6*` ataikosa nchi nzima asijue. Namba zinaonyesha ukoo pale tu waliozigawa walipokuwa na nafasi ya kuuonyesha.

Nafasi nazo ziligawiwa kwa macho ya Marekani ya karne ya 19. Fasihi ya Kiingereza ilipewa 820, tarakimu mbili na sifuri. Kiswahili kikaingizwa kwenye 890, fungu la fasihi za lugha nyinginezo, ndiyo maana riwaya yetu hubeba tarakimu saba. Diwani nyembamba haina mgongo wa kubandikwa namba hiyo kwa mstari mmoja, hivyo karatasi hukunjwa hadi kwenye jalada, ikachubuka, na tarakimu za mwisho ndizo za kwanza kufutika. Baadhi ya maktaba huamua kuikatisha kwenye 896.392 na kuongeza herufi tatu za jina la mwandishi. Namba inakuwa fupi, lakini mashairi na riwaya vinachanganyika.

Binafsi sioni ubaya wa mchanganyiko huo, na sababu yangu ni Shaaban Robert. Kwa namba kamili, mashairi yake yanakaa 896.3921 na Kusadikika inakaa 896.3923, katikati yake zimesimama tamthilia za watu wengine. Namba ikikatwa, na herufi ROB zikifuata, vitabu hivyo vinakutana. Wasifu wa Siti binti Saad hautafika hapo hata hivyo: huo ni habari za mwimbaji, na mkutubi anaweza kuupeleka kwenye 780, penye muziki, au kwenye rafu ya wasifu. Anayemtaka Shaaban Robert mzima atalazimika kulitafuta jina lake kwenye katalogi, kisha abebe karatasi yenye namba mbili tatu na kuanza kutembea.