Atalipa au Hatalipa?

Nilipomaliza kumiksi kipindi cha dakika 20 kuhusu mikopo ya vikundi, kwenye spika kubwa za studio kila neno lilisikika sawasawa. Nikakihamishia kwenye simu, nikaiweka mezani jikoni, nikamwita dada yangu ambaye hakuwa amesikia chochote. Mgeni wetu anasema, "Mwenzao akihama, hatalipa." Dada akaniuliza, "Kumbe hata akihama atalipa?"

Maana ilikuwa imegeuka kwa kupotea herufi moja. Ukanushi wetu mara nyingi hubebwa na h ya mwanzo wa kitenzi, na h ni pumzi tu, dhaifu kuliko irabu inayoifuata. Mimi niliisikia studio kwa sababu sentensi ile nilikuwa nimeihariri mara nyingi, na sikio lilijijazia lenyewe.

Spika ya simu ni ndogo mno kusukuma hewa ya besi. Chini ya takriban hezi 400 sauti hufifia, kwa hiyo uzito wa sauti ya mwanamume hutoweka pamoja na gitaa la besi. Zinazobaki ni sauti za kati na za juu, na huko konsonanti hugombania nafasi na gitaa la rithimu na kayamba. Mchakacho wa kayamba unafanana sana na h au s, hivyo huzimeza kwa urahisi.

Ili kumjua mkosaji, nilizima muziki wote nikasikiliza tena kwa simu ileile. Herufi ingerudi, ningejua muziki ndio ulioifunika. Haikurudi. Kosa lilikuwa kwenye geti, yaani kifaa kinachofunga maikrofoni mtu anaponyamaza. Lilikuwa likifunguka irabu inapoanza, pumzi imeshakatwa. Nililiondoa, nikapunguza kelele za vituo kwa mkono, na h ikarudi. Kisha nikarudisha muziki, ikazama tena kidogo. Nikaushusha desibeli 4 kila mgeni anapozungumza, na kayamba nikalinyamazisha kabisa chini ya maneno yake.

Kishawishi hapo ni kuinua sauti za juu za msemaji mpaka simu iseme vizuri. Nilijaribu, na spika za masikioni zikanikataza: zimekaa ndani ya sikio, kwa hiyo kila s ilichoma kama sindano. Zilinionyesha pia jambo ambalo simu ililificha. Nilikuwa nimemweka mtangazaji kushoto na mgeni kulia, na wengi husikiliza kwa sikio moja, jingine wamempa rafiki au wameliacha wazi wasikie kondakta. Aliyevaa la kushoto alipata maswali bila majibu. Wote wawili nikawarudisha katikati.

Dada sikumrudia, kwani jibu alishalijua. Simu nilimpa jirani, bomba la maji likiwa wazi na sauti ikiwa nusu, nikamwomba aandike alichosikia. Aliandika: hatalipa.